Mla na Mliwa ndani ya Maji ya Vuguvugu

Mwezi wa Julai mwaka 1976, wakati Wamarekani walipokuwa wakisherehekea kutimia kwa miaka 200 tangu nchi yao itangaze uhuru wake, askari wa zamani wa jimbo la Pennsylvania, walio wanachama wa jumuiya iitwayo American Legion, walikutana mjini Philadelphia katika hoteli ya Bellevue-Stratford, jumba kongwe lenye fahari lililosimama kando ya barabara ya Broad. Mkutano ulianza tarehe 21 ukamalizika tarehe 24, wajumbe wakaagana na kurejea makwao. Na hazikupita siku nyingi, baadhi yao wakaanza kuugua mmoja mmoja, huyu katika mji huu na yule katika mji mwingine, kwa homa kali, kikohozi, maumivu ya viungo na kichomi kilichojaza mapafu hata pumzi zikawa za taabu. Kwa kuwa kila mgonjwa alitibiwa kwao, na kila tabibu alimwona mgonjwa wake peke yake, ilikuwa hata maiti walipoanza kuhesabiwa ndipo ilipodhihirika kwamba wote walikuwa na jambo moja la kuwaunganisha, nalo ni ile hoteli. Hesabu ilipofungwa, waliougua walikuwa watu 221, na waliofariki 34. Na miongoni mwao walikuwamo watu ambao hawakuhudhuria mkutano wala kuingia hotelini, bali walipita tu nje, kandokando ya barabara.

Fadhaa iliyoikumba nchi ilikuwa kubwa. Mwanzoni mwa mwaka huo huo homa ya nguruwe ilikuwa imezuka katika kambi ya askari ya Fort Dix, na wengi walidhani kwamba sasa ndiyo imewafikia raia. Wengine wakataja sumu, na madini ya nikeli yakashukiwa kwa muda. Kituo cha serikali cha kudhibiti magonjwa, chenye makao yake Atlanta, kilimtuma David Fraser pamoja na wenzake kwenda kuuliza kila swali linaloulizika: nani alilala chumba gani, nani alikula nini, nani alikunywa maji na nani hakuyanywa, nani alikaa ukumbini na kwa muda gani. Jibu walilolipata lilikuwa la kushangaza kwa namna yake, maana ugonjwa haukufuata chakula wala haukupita kutoka kwa mgonjwa hadi kwa mtu wa nyumbani kwake, bali ulielekea kuwapata zaidi wale waliokaa kwa muda mrefu katika ukumbi wa mapokezi, au waliosimama nje karibu na mlango. Na maana yake ni kwamba jambo lenyewe lilikuwa hewani. Lakini ni jambo gani, hapana aliyejua. Mwezi wa Novemba hoteli ikafunga milango yake kwa kukosa wageni.

Katika maabara ya Atlanta alikuwako mtaalamu mmoja, Joseph McDade, ambaye kazi yake hasa ilikuwa kuchunguza viini vya riketsia, na ambaye alikuwa amechukua vipande vya mapafu ya marehemu akawadunga simbilisi, kisha akatoa wengu za simbilisi waliougua na kuzipandikiza katika mayai yenye vifaranga wachanga. Katika jaribio la kwanza aliona vijidudu vichache vyenye umbo la kijiti, akavidharau akidhani ni uchafu ulioingia kwa bahati mbaya. Fauka ya hayo, mayai yake yalikuwa yametiwa dawa za kuzuia bakteria wa kawaida, na dawa hizo hizo, bila ya yeye kujua, zilimzuia yule mtuhumiwa mwenyewe asikue. Siku chache kabla ya mwaka kwisha, akiwa hana raha na jambo alilolikatiza njiani, alirudi kwenye hadubini yake akaviangalia tena vile vioo, safari hii kwa saburi zaidi, hata akakuta vijiti vimejikusanya pamoja mahali pamoja, jambo ambalo uchafu wa bahati mbaya haulifanyi. Alirudia kazi kwa mayai yasiyotiwa dawa, akapata vijidudu tele. Akavichanganya na damu ya watu walioponea ugonjwa, na kinga iliyokuwa katika damu hiyo ikavitambua. Tarehe 18 Januari 1977 habari ikatangazwa, na mwaka 1979 kijidudu kikapewa jina la Legionela, kwa kuwakumbuka wale askari.

Mara tu alipojulikana, alionekana kuwa si mgeni. Damu iliyokuwa imehifadhiwa tangu mwaka 1968, ya watu 144 waliopatwa na homa ya ghafla katika jengo la idara ya afya mjini Pontiac, jimbo la Michigan, ilionyesha alama zake, ingawa huko hapana aliyekufa. Kadhalika damu ya wagonjwa wa hospitali moja ya Washington waliougua mwaka 1965. Na kijidudu kimoja kilichohifadhiwa katika barafu ya maabara tangu mwaka 1947, bila ya mtu kujua ni cha nini, kikabainika kuwa ni yeye yule. Kwa hivyo swali halikuwa tena ametoka wapi mwaka 1976, bali ni wapi alikokuwa akiishi muda wote huo pasina kuonekana. Na swali hili ndilo lililokuwa gumu kuliko la kwanza.

Ugumu wake ulikuwa huu. Wataalamu walipotaka kumkuza Legionela katika sahani za maabara, walimwona kuwa ni kiumbe mwenye deko lisilo kifani: vyakula ambavyo bakteria wengine huvila na kunawiri, yeye alivikataa vyote, asikubali kuota mpaka alipotayarishiwa chakula cha namna yake, chenye madini ya chuma, na asidi-amino iitwayo sisteini kwa kipimo maalumu, pamoja na dondoo la hamira na unga wa makaa wa kufyonza sumu zinazomdhuru; na hata hivyo aliota polepole, baada ya siku tatu au zaidi. Lakini kiumbe huyo huyo, walipoanza kumtafuta nje ya maabara, walimkuta kila mahali penye maji: mitoni, maziwani, katika minara ya kupozea mitambo ya hewa baridi, na katika mabomba ya maji safi yaliyochujwa na kutiwa dawa, ambayo mtu anayapima na kuyaona hayana chakula cha kumtosha hata bakteria asiye mchaguzi. Itakuwaje basi mwenye deko kama huyu ashibe pale ambapo wengine wanakufa njaa?

Aliyelijibu swali hilo ni Timothy Rowbotham, mtaalamu wa maabara ya afya ya umma mjini Leeds, Uingereza, katika makala aliyoyatoa mwaka 1980. Yeye hakutazama maji kama maji, bali alitazama wakazi wake, na hasa amiba, viumbe vya seli moja vinavyoishi huru katika udongo na maji bila ya kumhitaji mnyama wala mtu wa kuvibeba. Amiba wa jamii ya Akanthamiba ana upana wa makumi machache ya sehemu ya elfu ya milimita, na Legionela ana urefu wa sehemu mbili hivi tu. Tafauti yao ni kubwa, na desturi ya amiba ni kutambaa juu ya ule utando telezi unaofunika kuta za ndani za mabomba na matangi, akila bakteria mmoja baada ya mwingine. Rowbotham aliwaweka pamoja Legionela na amiba, akaona kwamba badala ya mliwa kuisha, ni mla aliyekuwa akijaa bakteria tele hata akapasuka. Bakteria asiyepata riziki ndani ya maji, alikuwa akiipata ndani ya yule aliyemmeza.

Yafaa tulitazame tukio hili kwa karibu, kwa sababu ndani yake mna ufunguo wa kila kitakachofuata. Amiba humkumbatia bakteria kwa sehemu ya mwili wake iliyotanuka, akamfunika na kumwingiza ndani akiwa amezungukwa na kijifuko; na kwa kawaida kijifuko hicho huungana upesi na vijifuko vingine vilivyojaa asidi na vimeng'enya, bakteria akayeyushwa akawa chakula. Legionela hungojea mpaka amemezwa, kisha kwa mtambo mdogo uliopenya katika ngozi yake hupiga sindano za protini kuingiza katika mwili wa mwenyeji wake. Mtambo huo ulifahamika vyema katika miaka ya 1990, na protini zinazopitishwa nao, kama ilivyokuja kujulikana baadaye, ni zaidi ya 300 kwa idadi. Kazi yao, kwa jumla, ni kukizuia kijifuko kisiungane na vile vyenye asidi, na kuvuta badala yake malighafi ya amiba mwenyewe, hata kwa muda wa saa chache kijifuko kikavikwa utando ulio sawa na ule ambao seli hutengenezea protini zake. Katika chumba hicho kilichofungwa bakteria huzaana akila asidi-amino za mwenyeji, sisteini ikiwemo, naye hapo hana haja ya kuitafuta majini. Na zinapokaribia kwisha, watoto wake hubadilika tabia: huacha kuzaana, huota mkia wa kuogelea, huwa wagumu zaidi mbele ya dhiki, kisha amiba hupasuka na wao wakatoka kwenda kumtafuta mwingine. Mara nyingine amiba hutema vijifuko vilivyojaa bakteria, vidogo kiasi cha kuweza kupeperushwa na hewa. Na Rowbotham mwenyewe alidhani kwamba vifurushi hivyo huenda vikawa miongoni mwa vinavyoingia katika mapafu ya watu.

Sasa ndipo inapoeleweka kwa nini kiumbe wa matopeni aweze kumwua binadamu. Ndani ya mapafu yetu mna seli za ulinzi, makrofaji, ambazo hutambaa na kumeza kila kijidudu kinachoingia, kwa namna ile ile ambayo amiba humeza bakteria bombani. Mwaka huo huo wa 1980 Marcus Horwitz na Samuel Silverstein, wakiwa New York, walionyesha kwamba Legionela huzaana ndani ya seli za damu za binadamu zilizo za ukoo huo, na miaka mitatu baadaye Horwitz akaeleza jinsi kijifuko chake kinavyojiepusha kuungana na vile vyenye vimeng'enya. Bakteria hakujifunza hila hii kwetu. Aliifuma kwa amiba katika zama zisizohesabika, na anapofika katika pafu la mtu kwa njia ya ukungu wa maji, hukutana na mlaji anayefanana na yule aliyemzoea. Ndiyo maana pia dawa za jamii ya penisilini hazikuwafaa wagonjwa wa Philadelphia, ilhali eritromaisini na tetrasaiklini, ambazo hupenya na kuingia ndani ya seli, ziliwafaa zaidi. Na kwa kuwa pafu si njia ya kumrudisha majini, mgonjwa kwa kawaida hamwambukizi mwenziwe.

Lakini yapo maji mengi yenye amiba na Legionela pamoja, na wala watu hawafi. Basi ni nini kinachompa mmoja ushindi juu ya mwingine? Jibu lilipatikana katika majaribio ya miaka ya mwanzo ya 1980, na ni jibu sahili la kustaajabisha: ni joto. Mwaka 1983 watafiti Waingereza waliwaweka amiba na Legionela katika nyuzi 20 za Selsiasi, wakaona amiba akiwala na kuwayeyusha bakteria kama ilivyo desturi yake. Walipowaweka katika nyuzi 35, mambo yakapinduka, bakteria wakazaana na amiba wakateketea. Viumbe ni wale wale na maji ni yale yale, ila nyuzi 15 za tafauti zimewabadilishia nafasi mla na mliwa. Katika mito ya nchi za baridi, basi, bakteria ni haba na amiba ndiye mwenye nguvu karibu mwaka mzima. Na aliyempa Legionela ushindi wa daima ni mjenzi wa majumba, aliyechukua maji akayaweka tangini, akayapasha vuguvugu, akayazungusha katika maili za mabomba yenye utando, kutu na chokaa, kisha akayafungulia njia ya kutoka kama manyunyu mbele ya uso wa mtu.

Kisa cha Columbus, katika jimbo la Ohio, kinalionyesha jambo hili wazi kuliko maelezo yoyote. Joseph Plouffe na wenzake, waliokuwa wakichunguza majengo ya hospitali moja yaliyokuwa yakipokea maji kutoka chanzo kimoja, walikuta kwamba baadhi ya majengo yana Legionela katika mabomba yake na mengine hayana, ingawa maji yaliyoingia yalikuwa sawa. Walipopima joto la maji ya moto, wakaona kwamba majengo yenye bakteria yalikuwa yakiweka maji yake kati ya nyuzi 43 na 45, na yasiyo na bakteria yalikuwa karibu na nyuzi 60. Taarifa yao ilitoka mwaka 1983, na maana yake haikufichika. Baada ya mafuta kupanda bei mwaka 1973, taasisi nyingi zilipunguza joto la matangi ili kuokoa fedha, na nyingine zilifanya hivyo kwa hofu ya kuwaunguza wagonjwa. Na hakuna aliyefikiri kwamba nyuzi 45, ambazo mkono wa mtu unaziona ni moto wa kutosha, ni hali ambayo kijidudu huyu anaistahimili, na kwamba maji hayo yakishapoa kidogo njiani, katika bomba refu au katika kipande kilichozibwa mwisho wake kisichotumika, hufika katika nyuzi 35, pale pale anapopapenda. Katika tangi lenyewe hali huwa ya tabaka: juu maji ni moto, na chini, penye mashapo, hukaa vuguvugu, ikawa fundi anayesoma kipimajoto cha juu ana yakini isiyo na msingi.

Walipokwisha kulijua hilo, waliokuwa na hospitali zenye ugonjwa walijaribu tiba mbili. Ya kwanza ni moto: mjini Pittsburgh, Janet Stout, Victor Yu na wenzao, ambao walikuwa wamemkuta Legionela katika mashapo ya matangi ya maji ya moto ya hospitali, walieleza namna ya kuyapandisha maji mpaka kuzidi nyuzi 60 na kuyafungulia katika kila bomba na kila manyunyu kwa muda, hata moto ufike mpaka ncha ya mwisho. Bakteria hupungua, wakati mwingine hutoweka. Lakini matangi yakirudishwa katika vuguvugu lake, baada ya majuma au miezi huonekana tena. Ya pili ni klorini, na hapa ndipo amiba alipoingia tena katika hadithi, safari hii si kama mlaji aliyeshindwa bali kama ngome. Amiba anapopatwa na dhiki ya ukame, sumu au njaa, hujiviringisha na kujizungushia gome lenye tabaka mbili, akalala usingizi mpaka hali itengemae. Na gome hilo huitwa sisti. Mwaka 1990 Kilvington na Price walionyesha kwamba Legionela waliomo ndani ya sisti za Akanthamiba walibaki hai baada ya kutiwa katika maji yenye miligramu 50 za klorini huru kwa kila lita, kipimo ambacho hakuna mtu angekubali kukinywa, ilhali maji ya bomba aghalabu huwa na chini ya moja. Klorini ilikuwa ikiua waliokuwa wakiogelea, na kupitisha salama waliokuwa wamejifungia. Hapo ikabainika kwa nini mhandisi anayesafisha leo huweza kupata jibu safi la maabara kesho, na baada ya miezi miwili akakuta mabomba yamejaa kama mwanzo.

Kwa sababu hiyo, kumtafuta Legionela kwa kuotesha maji sahanini ni kazi yenye mipaka. Sahani inamwonyesha aliye nje na mwenye nguvu za kuota, na haimwonyeshi aliyelala ndani ya sisti, wala aliyedhoofika kwa dawa. Na Rowbotham mwenyewe aligeuza jambo hilo kuwa faida, akawatumia amiba hai kama chambo, akiwaachia wameze sampuli na kisha akawatazama kama watapasuka. Shahidi wa kila siku kwa fundi wa jengo ni kipimajoto, naye hushuhudia sharti la ugonjwa kabla ya ugonjwa wenyewe. Kanuni zinazofuatwa Uingereza na kwingineko zinataka maji ya moto yahifadhiwe katika nyuzi 60, yafike bombani kwa nyuzi 50 ndani ya dakika moja ya kufunguliwa, na ya baridi yawe chini ya nyuzi 20 ndani ya dakika mbili. Maana katika nyuzi 50 Legionela hufa kwa kuchelewa, saa kadhaa kupungua hata kiasi cha kuridhisha, ama katika nyuzi 60 tisa katika kila kumi hufa kwa muda wa dakika chache. Na kwa hofu ya kuunguza, moto huo huchanganywa na baridi karibu kabisa na bomba la mwisho, wala si tangini, ili kipande cha vuguvugu kiwe kifupi kama inavyowezekana. Hayo yakifanyika, na mabomba yasiyotumika yakakatwa badala ya kuzibwa tu, na mashapo yakatolewa, hapabaki nafasi kubwa ya ushindi wa bakteria.

Huku kwetu pwani kanuni hiyo yapasa isomwe kwa hadhari, maana nusu yake haipatikani. Mombasa au Dar es Salaam maji yaliyokaa katika tangi la plastiki juu ya paa, chini ya jua, huwa vuguvugu kabla ya hita yoyote kuwashwa, na mtu asitaraji kuyapata chini ya nyuzi 20 ila kwa kuyapoza kwa mitambo. Hiyo ina maana kwamba pale ambapo nchi za baridi huwatia bakteria katika mashaka pande zote mbili, yaani upande wa moto na upande wa baridi, sisi tumebakiwa na upande mmoja wa moto, pamoja na kuyafanya maji yasikae. Kwa hoteli yenye vyumba vya wageni visivyolaliwa majuma kadhaa, au hospitali yenye wodi iliyofungwa, yafaa kuyafungulia maji katika kila bomba mara moja kwa juma kwa dakika chache, kuosha tangi la paa na kulifunika, na kuyaweka maji ya moto katika nyuzi 60 mpaka chini ya tangi na si juu tu. Na kichwa cha manyunyu kilichojaa chokaa kifunguliwe na kusuguliwa, kwa sababu katika chokaa hiyo ndimo utando unamoshika na amiba anamoshiba. Klorini iendelee kutiwa, maana humwondoa aliye nje. Lakini asiitegemee peke yake yeyote anayejua habari ya sisti, kwa kuwa kinachowageuza mla na mliwa ndani ya bomba ni joto kwanza, na dawa baadaye.